Ramani ya viti vya ukumbi: namna ya kuipanga kabla hujafungua mauzo ya tiketi

Ilikuwa saa moja na nusu usiku, taa za ukumbini ziko karibu kuzimwa, na kwenye safu C watu wanne wamesimama wanatazama kiti kimoja. Mama mmoja kashika tiketi ya C9. Kiti C9 kimefungwa kamba nyekundu, kwa kuwa bawaba yake ilikatika wiki moja kabla. Upande wa pili wa njia ya katikati, kiti C4 kizima kabisa hakina mtu, na hakikupata mtu mpaka onyesho likaisha, kwa sababu mfumo wa tiketi ulijua kuwa hicho ndicho kibovu. Ramani ile niliichora mimi. Niliichora nikiwa nimesimama jukwaani, nimewaelekea watazamaji. Aliyebandika namba kwenye viti, miaka kabla yangu, alizihesabu akiwa ameelekea jukwaa. Safu ina viti 12, kwa hiyo kila namba yangu iliangukia upande usio wake: 9 ikawa 4, 3 ikawa 10.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ukumbi mdogo, au kikundi kinachokodi ukumbi, anayetaka watu wachague viti vyao wenyewe kwenye simu. Ukumbi nitakaoutumia kama mfano una safu tisa tu. Mambo yenyewe hayabadiliki sana ukumbi ukiwa mkubwa, yanaongezeka tu.

Hatua ya 1: Ingia ukumbini na karatasi, ukae kwenye kila kiti

Usianze na kompyuta. Usianze pia na mchoro wa zamani uliobandikwa ofisini, maana huo unaonyesha ukumbi ulivyokuwa siku ulipojengwa. Chukua karatasi, andika JUKWAA juu yake, kisha nenda ukasimame nyuma kabisa ya ukumbi ukielekea jukwaa. Kushoto kwa karatasi kutakuwa kushoto kwa mtazamaji aliyekaa. Waigizaji wana kushoto kwao, ambako ni kulia kwa mtazamaji, na mafundi wa jukwaa wakikwambia "taa ya kushoto" wanatumia kushoto kwa mwigizaji. Wewe unauza viti, kwa hiyo shika upande wa anayekaa.

Halafu pita kiti kwa kiti. Kikunjue, kaa, egemea, tikisika kidogo, inuka, tazama kama kinajikunja chenyewe. Kwa sekunde kama 15 kila kiti, viti 100 ni dakika 25 tu. Unatafuta mambo manne: bawaba au springi iliyokufa, skrubu za sakafuni zilizolegea, mgongo unaorudi nyuma, na kibao cha namba kilichong'oka. Hilo la mwisho watu hulipuuza. Kiti kisicho na namba si kibovu, lakini mtu wa kwanza akikosea kukaa, safu nzima inasogea kiti kimoja, na wa mwisho anabaki amesimama na tiketi halali mkononi. Kibao kikikosekana, andika namba kwa kalamu ya wino mzito siku hiyohiyo, usingoje kibao kipya.

Ukiwa umekaa, tazama jukwaa. Pale ambapo nguzo au spika inakuzibia, weka alama. Kitu hiki huwezi kukiona kwenye mchoro wa aina yoyote.

Safu zipe herufi, ila ruka I, na O kama safu zinafika huko. Kwenye tiketi iliyochapwa vibaya I inasomeka 1 na O inasomeka sifuri. Ndiyo maana ukumbi wangu una A mpaka H, kisha J.

Karatasi yangu ilitoka hivi:

```
             JUKWAA
A   o o o o o o     o o o o o o
B   o o o o o o     o o o o o o
C   o o o o o o     o o x o o o
D   [M] s o o o     o o o s [M]
    ------ njia ya kukatiza ------
E   o o o o o o     o o o o a a
F   n o o o o o     o o o o o o
G   o o o x o o     o o o o o o
H   o o o o o o     o o o o o o
J   [M] s o o z     z o o s [M]

[M] nafasi ya kitimwendo    s kiti cha msaidizi
x   kibovu                  a akiba ya ukumbi
n   kuna nguzo mbele        z meza ya sauti
```

Safu A mpaka D ziko sakafu tambarare, na milango ya pembeni inafungukia usawa wa safu D. Kuanzia E ni ngazi mpaka H. Safu J iko nyuma kabisa, usawa mmoja na sebule ya kuingilia. Kwa hiyo mwenye kitimwendo, yaani kiti cha magurudumu, anafika D na J bila kubebwa. E, F, G na H hafiki.

Kila [M] imechukua mahali pa viti viwili vya pembeni. Viwango vya Marekani vya 2010 vinataka nafasi moja ya kitimwendo iwe na upana wa sentimita 91.5, na urefu wa sentimita 122 kama mtu anaingilia mbele au nyuma, au 152.5 kama anaingilia ubavuni. Kiti cha ukumbi ni kama nusu mita, kwa hiyo kung'oa kimoja hakutoshi. Viwango hivyo hivyo vinataka ukumbi wa viti 51 hadi 150 uwe na nafasi nne, na wa viti 151 hadi 300 uwe na tano. Hatulazimiki kuvifuata huku, lakini nimevitumia kama kipimo kwa sababu vina namba, na namba ni rahisi kumwonyesha mwenye ukumbi anayesema "moja inatosha".

Hesabu basi: safu 9 za viti 12 ni 108. Toa 8 vilivyong'olewa, vinabaki viti 100. Ongeza nafasi 4 za vitimwendo, unapata mahali 104 pa kukaa. Iandike hiyo 104 mahali, tutaihitaji mwisho.

Hatua ya 2: Tenganisha daraja, aina na hali

Hapa ndipo ramani nyingi zinapoharibika, na kosa lenyewe huanza kwenye rangi. Mtu anachora ramani: nyekundu ni ghali, bluu ni wastani, kijani ni rahisi, kijivu vimeuzwa. Vizuri. Kisha anakumbuka kiti kibovu, anakipaka kijivu. Anakumbuka nafasi ya kitimwendo, anaipaka kijivu nayo ili mtu asiinunue kwa bahati mbaya. Mwisho wa usiku mfumo unasema vimeuzwa viti 60, sandukuni kuna pesa za viti 52, na mhasibu anamtazama kijana wa dirishani kwa jicho baya. Hakuna aliyeiba. Kijivu kimoja kimebeba maana tatu.

Kila kiti kina mambo matatu yasiyohusiana. Daraja ni bei yake. Aina ni umbile lake: kiti cha kawaida, nafasi ya kitimwendo, kiti cha msaidizi. Hali ni kinachoendelea nacho kwa onyesho hili: kiko wazi, mtu amekishika anataka kulipa, kimeuzwa, au kimezuiwa. Na kikizuiwa lazima kiwe na sababu iliyoandikwa. Kwenye jedwali inakuwa hivi:

```
kiti   daraja  aina        hali       sababu    onyo
C9     1       kawaida     kimezuiwa  kibovu
D-M1   1       kitimwendo  wazi
D3     1       msaidizi    wazi
E11    1       kawaida     kimezuiwa  akiba
F1     3       kawaida     wazi                 nguzo
J6     3       kawaida     kimezuiwa  sauti
```

Tazama kwamba D-M1 iko wazi. Inauzwa, ila kwa anayeihitaji. F1 pia iko wazi, imeshushwa daraja na kuwekewa onyo.

Kwenye skrini, rangi iachie bei peke yake. Aina ionyeshwe kwa umbo au alama, hali ionyeshwe kwa kujazwa au kuachwa tupu. Asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani bado atajua kipi kimeuzwa.

Daraja na aina ni mali ya ukumbi, hali ni mali ya onyesho. Kwa hiyo unatengeneza ramani moja ya ukumbi, kisha unaipiga nakala kwa kila onyesho: Ijumaa yake, Jumamosi mchana yake, Jumamosi usiku yake. Meza ya sauti inayokaa J6 na J7 kwenye igizo la muziki haitakuwepo kwenye igizo linalofuata, na G4 kikitengenezwa Alhamisi kinafunguliwa kuanzia Ijumaa bila kugusa rekodi ya maonyesho yaliyopita.

Hatua ya 3: Panga madaraja ya bei

Madaraja matatu yanatosha kwa ukumbi wa namna hii. Manne yanamfanya mnunuzi ajiulize maswali. Mawili yanakunyima pesa. Sikupanga kwa umbali kutoka jukwaani. Safu A iko karibu kuliko zote, lakini aliyekaa pale anatazama soli za viatu vya waigizaji huku shingo inamuuma, kwa hiyo sikuitia daraja la kwanza.

Daraja la 1 ni B, C, D na E kwa 30,000. Daraja la 2 ni A, F na G kwa 20,000. Daraja la 3 ni H na J kwa 10,000. F1, kwa sababu ya nguzo, inauzwa 10,000, na onyo lake linatokea kabla mtu hajalipa, kwa maneno ya kawaida: "Nguzo inaziba upande wa kulia wa jukwaa." Ukiandika tu "mtazamo hafifu" mtu hajui ameambiwa nini, na atakuja kugomba mlangoni.

Sasa tazama vitimwendo. Nafasi mbili ziko safu D, daraja la 1, na mbili safu J, daraja la 3. Mwenye kitimwendo mwenye 20,000 mfukoni afanyeje? Daraja la 2 lote liko juu ya ngazi au mbele kabisa, ambako hatukung'oa viti. Jibu la haraka ambalo nimelisikia mara nyingi ni "achague, alipe 30,000 au akae nyuma". Sheria ya Marekani ya kuuza tiketi hizi inasema tiketi zinazofikika ziwepo kwa kila bei, na kama daraja fulani halifikiki, basi sehemu inayostahili iuzwe kwa bei ya daraja hilo mahali pengine panapofikika. Nimeikubali hoja hiyo kwa sababu ni ya haki na ni rahisi kuitekeleza: tumeweka D-M2 iweze kuuzwa kwa bei ya daraja la 2. Mtu anakaa D, analipa 20,000. Mfumo ambao bei yake imefungwa kwenye safu hauwezi kufanya hivi. Ule ambao bei ni safu wima ya peke yake kwenye jedwali unaweza, na ndiyo sababu nilisisitiza hatua ya 2.

Msaidizi analipa bei ya kiti chake. Kama ukumbi wako unamwingiza bure, sawa, lakini amueni kabla ya mauzo, isiwe huruma ya aliye dirishani siku hiyo.

Hatua ya 4: Viti vinavyozuiliwa kwa wenye ulemavu, na lini vifunguliwe

Nafasi hizi ziuzwe mahali palepale na saa zilezile zinapouzwa nyingine. Kumwambia mtu "wewe piga simu ofisini, saa za kazi" wakati wenzake wananunua saa tano usiku wakiwa kitandani si mpango. Mnunuzi akibonyeza D-M1, mfumo umuulize swali moja: je, tiketi hii ni ya mtu anayetumia kitimwendo? Akisema ndiyo, basi. Usidai cheti cha daktari. Wapo watakaodanganya, lakini ni wachache kuliko unavyodhani, kwa sababu anayedanganya akifika anakuta sakafu tupu isiyo na kiti.

D3 na vingine vya wasaidizi vifunguke tu pale nafasi ya jirani yake inaponunuliwa. Sheria niliyoitaja inampa mwenye kitimwendo haki ya kununua tiketi hadi tatu za wenzake zilizo jirani. Sisi tunamzuilia kimoja, na kama D4 na D5 bado viko wazi mfumo unampendekezea kwanza hivyo. Ukumbi ukiruhusu, zuia vitatu.

Lini uviachie kwa wengine? Usitumie tarehe peke yake, eti siku tatu kabla vyote viwe huru. Watu wanaohitaji nafasi hizi mara nyingi wanahitaji kwanza kupata usafiri na wa kuwasindikiza, kwa hiyo huchelewa kuamua. Marekani ukumbi unaruhusiwa kuviachia katika hali tatu tu: viti vingine vyote vya kawaida vimekwisha, au vimekwisha katika eneo hilo, au vimekwisha katika daraja hilo la bei. Mimi nafuata hiyo ya daraja, na hata hapo naachia upande mmoja kwanza.

Kuna mtego mmoja. Ukiachia D3 kwanza kwa sababu "ni kiti tu", umeiua D-M1: mtu atakuja na msaidizi asiye na pa kukaa. Nafasi na kiti cha msaidizi vinaachiwa pamoja au haviachiwi. Na D-M1 yenyewe huwezi kumuuzia mtu anayetembea mpaka viti viwili vilivyong'olewa virudishwe na kufungwa skrubu, maana kiti kisichofungwa sakafuni kinageuka kikwazo watu wakikimbia moto. Kwa hiyo kwenye jedwali D-M1 inayo mbadala wake, D1 na D2, na mfumo usikubali vyote viwe wazi kwa pamoja. Pia hesabu inabadilika: mahali pamoja panakuwa pawili, 104 inakuwa 105. Kama fundi hayupo siku hiyo, acha sakafu tupu. Hasara ya tiketi moja haijawahi kufunga ukumbi.

Hatua ya 5: Kanuni za kuchagua

Kanuni inayoleta kelele ni ya kiti kimoja kinachobaki peke yake. Watu huja wawili wawili na wanne wanne. Wawili wakichukua E2 na E3, E1 kinabaki yatima, na hakitauzwa ila kwa mtu aliyekuja peke yake. Kwa hiyo mifumo mingi inamkatalia mnunuzi uchaguzi unaoacha kiti kimoja.

Kanuni ni nzuri mpaka ikutane na kiti kibovu. Tazama safu G upande wa kushoto. G4 ni kibovu, kwa hiyo kuna kipande cha viti vitatu, G1 mpaka G3, na kipande cha viwili, G5 na G6. Mnunuzi wa viti viwili akichagua G1 na G2, G3 kinabaki yatima. Akichagua G2 na G3, G1 kinabaki. Kanuni ngumu itamkatalia kote, na vile viti vitatu vitaonekana viko wazi kwenye ramani huku havinunuliki na watu wawili. Tuligundua hilo kwa simu za wateja, siyo kwa akili zetu.

Iseme kanuni hivi: kataa tu kama ndani ya kipande hichohicho kuna uchaguzi mwingine wa idadi ileile usioacha yatima. Kwenye G1 mpaka G3 kwa watu wawili hakuna, basi ruhusu. Kwenye E1 mpaka E6 yote ikiwa wazi, kwa anayetaka E2 na E3 upo, E1 na E2, basi mwombe asogee. Kipande kinakatwa na njia, kiti kilichouzwa, kilichozuiwa, na nafasi ya kitimwendo. Anayenunua nafasi ya kitimwendo na wasaidizi wake asiguswe na kanuni hii hata kidogo. Na zikibaki tiketi chache, izime.

Kwenye simu, usimlazimishe mtu kubonyeza vitobo 12 kwenye skrini ya upana wa kiganja. Mwonyeshe kwanza madaraja matatu na bei, akigusa moja safu zake zijaze skrini.

Hatua ya 6: Kushika kiti wakati wa kulipa

Mtu akichagua, kiti kishikwe kwa muda, kisha kijiachie kama hakulipa. Dakika 10 zinatosha. La muhimu ni kwamba watu wawili wasishike kiti kimoja. Mfumo ukisoma kwanza "kiko wazi?" kisha ukaandika "kimeshikwa", kati ya kusoma na kuandika mwingine anapenya. Fanya vyote kwa amri moja:

```sql
BEGIN;
UPDATE viti
SET hali = 'kimeshikwa', oda = 481,
    mwisho = now() + interval '10 minutes'
WHERE onyesho = 7 AND kiti IN ('E5', 'E6')
  AND (hali = 'wazi'
       OR (hali = 'kimeshikwa' AND mwisho < now()));
```

Kisha hesabu safu mlalo zilizobadilika. Uliomba viti viwili: kama ni 2, thibitisha kwa `COMMIT` uendelee, kama ni 1 au 0, rudisha kila kitu kwa `ROLLBACK` na umwambie mnunuzi viti vimewahiwa. Usimpe kimoja ukamwachia mwenzake.

Malipo ya simu yana tabia yake. Ombi linatumwa, mtu anatafuta miwani, anaandika namba ya siri, mtandao unasuasua, jibu linakuja dakika nne baadaye. Kama alikuwa amebakiza dakika mbili, kiti kimeshaachiwa na kununuliwa na mwingine, na sasa una watu wawili waliolipia E5. Kwa hiyo kila unapotuma ombi la malipo, anza kuhesabu dakika 10 upya. Jibu likichelewa kuliko hapo, jaribu kushika tena viti vilevile. Vikiwa vimekwenda, pesa irudi na mtu apigiwe simu. Usiwape wote wawili ukitegemea mmoja hatakuja.

Hatua ya 7: Kiti kikivunjika baada ya kuuzwa

Hii ndiyo kazi ya E11 na E12, viti vya akiba. Wakubwa wa ukumbi watakuomba uvitoe kwa wageni wao. Wape vingine.

Ijumaa usiku E5 kinang'oka skrubu mbili. Jumamosi E5 na E6 vimeuzwa kwa mke na mume. Kwanza zuia E5 kwa maonyesho yote yajayo kwa mkupuo mmoja, sababu: kibovu. Kisha toa orodha ya waliokwisha kukinunua. Kisha tafuta pa kuwahamishia, na hapo ndipo watu hukosea: wanamhamisha wa E5 peke yake. Wamekuja pamoja, wanahama pamoja. E11 na E12 vinatolewa akiba, vinaandikwa jina lao, ndipo unapiga simu. Usipige ukiwa huna jibu.

Bei ni ileile, lakini E12 iko pembeni na E6 ilikuwa katikati. Waambie hivyo wazi, na uwape nafasi ya kuchagua: wahame, au warudishiwe pesa. E6 inarudi wazi, imebanwa kati ya kiti kibovu na njia ya katikati, kwa hiyo atainunua mtu mmoja.

Kibovu chenyewe usikiwekee karatasi tu. Karatasi inaanguka, mtu anakaa. Funga kamba kutoka mkono hadi mkono.

Hatua ya 8: Hesabu kabla ya kufungua mlango

Mahali 104. Toa vibovu viwili, C9 na G4. Toa akiba mbili. Toa viwili vya meza ya sauti. Vinavyouzwa ni 98: daraja la kwanza 43, zikiwemo nafasi mbili za vitimwendo, la pili 34, la tatu 20, pia zikiwemo mbili, na F1 moja. Zote zikienda kwa bei kamili ni 1,290,000 na 680,000 na 200,000 na 10,000, jumla 2,180,000. D-M2 ikiuzwa kwa bei ya daraja la 2, ni 2,170,000.

Jioni ya onyesho, dakika 40 kabla ya mlango, chapisha orodha ya hali zote na ujumlishe: vilivyouzwa, vilivyo wazi, vilivyoshikwa, vilivyozuiwa. Isipofika 104, kuna kiti kiko mahali pawili au hakiko popote, na una dakika 40 za kukitafuta. Kisha pita na orodha hiyo ya vilivyozuiwa na kuvigusa kimoja kimoja kwa mkono: C9 kina kamba, G4 kina kamba. Mimi naanza na C9. Nasimama nyuma ya ukumbi kwanza, naelekea jukwaa, nahesabu kutoka kushoto.